Kitunguu saumu ndani ya mafuta

Mwaka 1985 watu 36 waliugua baada ya kula katika mgahawa mmoja mjini Vancouver, Kanada. Chanzo kilikuwa kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kutiwa kwenye mafuta, kikawekwa nje ya friji.

Kitunguu saumu hutoka udongoni, na huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulini. Hewani mbegu hizo hulala tu. Mafuta yakikifunika huzuia hewa, na kwa kuwa kitunguu kina majimaji na uchachu mdogo, mbegu huamka na kutoa sumu inayopooza mishipa ya fahamu. Kuchemsha chupa jikoni hakuziui. Rihani mbichi au rozmari ni vilevile.

Usitegemee pua: mafuta yanaweza kunukia vizuri kabisa. Mgonjwa huanza kuona vitu viwiliviwili, kope hulegea, kumeza humshinda, akimbizwe hospitali.

Tengeneza kidogo, weka kwenye friji mara moja, na kisichotumika ndani ya siku nne kitupwe. Ukitaka akiba, saga kitunguu na mafuta, ugandishe kwenye friza katika vibati vya barafu. Au tia kitunguu kibichi kikaangoni wakati wa kupika. Mimi ndivyo nipendavyo.