Mhimili Usiobeba Kitu: Kanuni ya Mpindo katika Boriti Yenye Mkato Usio na Ulinganifu

Boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili na kuelemewa katikati hupinda kuelekea chini. Nyuzi zake za juu hufupika kwa kubanwa, na zile za chini hurefuka kwa kuvutwa. Kati ya pande hizo mbili hapana budi kuwe na tabaka moja ambalo halifupiki wala halirefuki. Boriti ikikatwa kwa msumeno na kutazamwa usoni, tabaka hilo huonekana kama mstari, na mstari huo ndio unaoitwa mhimili sufuri. Jina hili lina kinyume ndani yake. Katika lugha ya ujenzi wa nyumba mhimili ni kile kinachotegemeza, na kikiondolewa paa huanguka. Mhimili sufuri, kwa upande wake, hauna mkazo wowote. Ni mpaka tu kati ya mbano na mvuto, na swali la makala haya ni moja: mpaka huo hupita wapi, na kwa mwelekeo gani?

Kanuni ya mpindo, ambayo vitabu vya Kifaransa huihusisha na jina la Navier, huandikwa hivi:

σ = M·y / I

Hapa σ ni mkazo katika nukta fulani ya mkato, M ni momenti inayopinda boriti, y ni umbali wa nukta hiyo kutoka mhimili sufuri, na I ni momenti ya pili ya eneo, yaani kipimo cha jinsi eneo la mkato lilivyotawanyika mbali na mhimili huo. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alidhani kwamba boriti huzunguka kwenye ukingo wake wa chini. Mwaka 1826 Navier aliuweka mhimili mahali pake: hupita katika kitovu cha eneo. Sababu yake ni nyepesi. Boriti haisukumwi wala haivutwi kwa urefu wake. Kwa hiyo jumla ya mbano wote lazima ilingane na jumla ya mvuto wote, na hilo halitimii ila mstari ukipita kitovuni.

Wanafunzi wengi huishia hapo. Kwa boriti ya mstatili hawadhuriki. Hata kwa boriti yenye sura ya herufi T hawadhuriki sana: mhimili hausimami nusu ya kimo, bali husogea karibu na bawa lake pana, lakini hubaki mlalo kwa kuwa nusu ya kushoto na nusu ya kulia zinafanana. Kosa huanza pale ulinganifu huo unapokosekana, na mfano ulio karibu na kila mtu ni chuma cha pembe, ambacho mafundi wa Kongo hukiita kornieri.

Tuchukue chuma cha sura ya L chenye mabawa mawili ya milimita 100 kila moja na unene wa milimita 10. Bawa moja limesimama upande wa kushoto, na jingine limelala chini likielekea kulia. Tukiacha mviringo mdogo wa kona, kitovu cha eneo kiko milimita 28,7 kutoka mgongo wa kila bawa, na momenti ya pili ya eneo, kwa mhimili wa mlalo na kwa ule wa wima, ni sentimita 180 za kipeo cha nne. Chuma hiki kina urefu wa mita 2 kati ya nguzo, nacho kinabeba mzigo wa kilonewtoni 2 katikati, wima. Momenti yake kubwa ni kilonewtoni-mita 1.

Anayeitumia kanuni bila kufikiri ataweka mhimili mlalo kitovuni. Na atazame alichokifanya. Sehemu iliyobanwa, juu ya mhimili, yote iko kushoto, katika bawa lililosimama. Sehemu iliyovutwa, chini ya mhimili, kwa kiasi kikubwa iko kulia, katika bawa lililolala. Nguvu mbili zinazopingana, moja kushoto na nyingine kulia, huzaa momenti ya kupinda upande. Mzigo ni wima mtupu. Momenti hiyo ya upande haina kitu cha kuisawazisha. Kwa hiyo picha hiyo haiwezi kuwa kweli. Mstari kupita kitovuni ni sharti moja; la pili ni kwamba momenti ya upande iwe sufuri, na ili kulitimiza mhimili hulazimika kuinama.

Kiasi cha kuinama hutokana na momenti ya mchanganyiko wa eneo, Ixy, ambayo hupima jinsi eneo lililo juu linavyoegemea upande mmoja. Pakiwa na ulinganifu, ni sufuri. Katika chuma chetu ni −106,6. Pale mzigo unapokuwa wima, mstari wa mhimili hupatikana hivi:

y / x = Ixy / Iy = −106,6 / 180 = −0,59

Hii ni pembe ya nyuzi 30,6, na mhimili hushuka kuelekea kulia. Mkazo nao huwa:

σ = M·(Iy·y − Ixy·x) / (Ix·Iy − Ixy²)

Tofauti yake si ndogo. Kwenye ncha ya juu hesabu ya haraka hutoa mbano wa megapaskali 39,6, ilhali mbano wa kweli hufika 51,5 kwenye kona ya ndani ya ncha hiyo. Kwenye kona ya nje, mabawa yanapokutana, hesabu ya haraka husema mvuto wa 15,9. Wa kweli ni 39,1, yaani zaidi ya maradufu. Tena ncha ya bawa lililolala, ambayo kwa macho iko chini kabisa na ingetarajiwa kuvutwa, kwa kweli inabanwa, kwa sababu iko upande wa juu wa mhimili ulioinama.

Jambo hili huonekana bila kipimo cha mkazo. Boriti husogea kwa njia inayokingamana na mhimili sufuri kwa pembe mraba. Kwa hiyo chuma chetu, kikisukumwa chini tu, hushuka milimita 1,43 (si 0,93 za hesabu ya haraka) na wakati huohuo hukimbia milimita 0,84 kushoto, upande wa mgongo wa bawa lililosimama. Saa mbili za kupimia, moja chini na moja ubavuni, zatosha kuthibitisha hayo maabarani. Mzigo sharti upite katika unene wa bawa lililosimama, mahali mabawa yanapokutana. Ukipitishwa kitovuni, chuma kitasokoteka pia, na vipimo vitachanganyika.

Wapo watakaouliza kwa nini pao nyingi za chuma cha pembe zimesimama salama ingawa zilihesabiwa kwa kanuni fupi. Mara nyingi ni kwa sababu bati lililofungwa juu yake linazizuia kukimbia upande. Hapo mhimili hulazimishwa kuwa mlalo, na kanuni fupi hugeuka kuwa sahihi. Ila kizuizi hicho hakifanyi kazi bure: katika mfano wetu bati na skrubu zake hupokea nguvu ya upande ya kilonewtoni 1,18, ambayo haimo katika hesabu ya pao lenyewe. Skrubu zikilegea kwa kutu, au fundi akiziondoa ili abadilishe bati, nguvu hiyo hukosa wa kuipokea, na mhimili huinama tena kwa nyuzi zake 30,6.