Fumbo la Kweli au Alama za Ovyo?

Ukurasa uliojaa alama zisizosomeka unaweza kuwa ujumbe uliofichwa kwa makusudi, au unaweza kuwa alama zilizotupwa ovyo na mtu aliyetaka kuwasumbua wengine. Kwa macho tu ni vigumu kujua ni kipi. Kinachosaidia ni tabia moja ya lugha, kwamba hujirudia. Herufi zake hazitumiki kwa usawa, baadhi hupenda kuandamana, na anayeficha ujumbe mara nyingi huficha sura ya herufi bila kuyaficha marudio yake.

Mmarekani William Friedman aliigeuza tabia hiyo kuwa kipimo katika chapisho lake la 1922. Kipimo chenyewe ni rahisi: herufi mbili zikichukuliwa popote katika maandishi, kuna uwezekano gani zikawa herufi ileile? Tuseme ujumbe ni huu: WATOTO WANATAKA KULALA. Kila herufi ikisogezwa nafasi tatu mbele katika alfabeti ya herufi 26, maandishi yanakuwa hivi:

```
ZDWRWRZDQDWDNDNXODOD
```

Hakuna neno linalosomeka. Lakini herufi ni 20, na jozi zote zinazoweza kuundwa kutokana nazo ni 190. Ukihesabu jozi zenye herufi zinazofanana utapata 28, na 21 kati ya hizo zinatokana na D peke yake, ambayo imeficha A. Kama herufi hizo 20 zingeokotwa ovyo, jozi zinazofanana zingetarajiwa kuwa saba hivi. Sentensi hii ni fupi na ina A nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo tofauti imetiwa chumvi kidogo, lakini hata katika maandishi marefu tofauti hiyo haifutiki. Hesabu hii haihitaji ufunguo, na kubadilisha A kuwa D hakubadilishi idadi yake.

Mwandishi mwerevu hujihami kwa kuipa herufi inayotumika sana alama nyingi. Ndivyo alivyofanya muuaji wa California aliyejiita Zodiac. Mwishoni mwa Julai 1969 alituma fumbo la alama 408 kwa magazeti matatu, na humo herufi E ilikuwa na alama saba tofauti. Mwalimu mmoja na mkewe, Donald na Bettye Harden, walilifumbua kwa siku chache. Novemba mwaka huohuo alituma lingine kwa gazeti la San Francisco Chronicle, lenye alama 340 katika mistari 20, kila mstari alama 17. Hilo lilikaa miaka 51 bila kufumbuliwa, na wengi walianza kuamini kuwa halina kitu ndani.

Shaka hiyo ilikuwa na msingi. Alama tofauti zilikuwa 63, na kila moja ilitokea mara chache, hivyo kipimo cha Friedman hakikuweza kusema mengi. Wachunguzi wakageukia jozi. Katika Kiswahili, kwa mfano, WA na KU hujirudia kila mahali, na hata kila herufi ikiwa na alama kadhaa, baadhi ya jozi za alama zitarudi zilezile. Lakini zikisomwa kwa mfuatano wa kawaida, kutoka kushoto kwenda kulia, jozi za fumbo lile hazikujirudia kwa kiwango cha kushawishi.

Ndipo yakaja maswali mapana zaidi: vipi ikiwa herufi zinazoandamana katika ujumbe hazikuwekwa jirani kwenye karatasi? Alama ya kwanza ikalinganishwa na ya tatu, kisha na ya nne, na kuendelea hivyo kwa kila umbali. Kwenye umbali wa nafasi 19, marudio ya jozi yaliongezeka ghafla.

Ongezeko kama hilo hupimwa kwa kuzichanganya alama zilezile 340 kama karata, kwa kompyuta, maelfu ya mara, na kuhesabu marudio kila zinapochanganywa. Ikiwa mchanganyiko wa ovyo hufikia kiwango kile mara chache mno, bahati inakuwa maelezo dhaifu. Hapa ndipo wengi huteleza. Anayejaribu umbali zaidi ya mia moja lazima ategemee kuona mmoja au miwili inayong'aa kwa bahati tu. Kwa hiyo swali la haki ni mara ngapi mchanganyiko wa ovyo hutoa kiwango kama hicho kwenye umbali wowote, si kwenye umbali 19 peke yake.

Kuna hoja nyingine iliyoupa umbali huo uzito. Mtu anayechora alama ovyo kwa mkono hafanani na bahati halisi. Hukwepa kurudia alama ileile mara mbili mfululizo, na mkono wake huzoea kuandamanisha alama fulani. Mazoea hayo yangeonekana kati ya alama jirani. Ni vigumu kueleza jinsi mkono usio na mpango ungezoea kurudia jozi zilizotengana kwa nafasi 19.

Mpango ulikuwepo. Kwenye mistari ya alama 17, kushuka mstari mmoja na kusogea kulia nafasi mbili ni kuruka nafasi 17 na 2, yaani 19. Mwandishi alikuwa akiandika kwa mshazari. Desemba 2020 Mmarekani David Oranchak, Mwaustralia Sam Blake na Mbelgiji Jarl Van Eycke walilifumbua fumbo. Blake alitengeneza namna zipatazo 650,000 za kupanga upya alama, na programu ya Van Eycke ikazijaribu. Moja ikatoa vipande vya Kiingereza kinachoeleweka. Ikabainika kuwa fumbo limegawanywa katika sehemu tatu za mistari 9, 9 na 2, na kwamba mwandishi mwenyewe alikosea mpango wake katika sehemu ya pili.

Kwa nini jibu hilo likubalike, ilhali kabla yake majibu mengi yalikataliwa? Majibu ya awali yaliruhusu alama moja isimamie herufi hii hapa na ile pale, kila maana ilipokwama, na kwa uhuru huo hata alama za ovyo zinaweza kusemeshwa chochote. Jibu la 2020 lilitumia ufunguo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zaidi ya hayo, ujumbe ulikana kwamba mwandishi ndiye aliyezungumza katika kipindi cha televisheni, na kweli mtu aliyejidai kuwa Zodiac alikuwa amepiga simu kwenye kipindi kama hicho Oktoba 1969, majuma machache kabla ya barua kutumwa.

Vipimo hivi vina mipaka. Ujumbe uliofichwa kwa ufunguo wa bahati tupu, wenye urefu sawa na ujumbe wenyewe na unaotumika mara moja tu, haubakizi marudio yoyote, na hakuna hesabu itakayoutenganisha na alama za ovyo. Ufupi nao hufunga njia. Aprili 1970 Zodiac alituma alama 13 alizodai zinaficha jina lake. Majina mengi mno yanaingia humo, na hakuna maandishi ya ziada ya kuyapima.

Wakati mwingine fumbo na takataka hukaa kwenye karatasi moja. Alama 18 za mwisho za fumbo la kwanza, zikifunguliwa kwa ufunguo uliofungua nyingine zote, hutoa herufi zisizounda maneno. Fumbo hilo lilikuwa vipande vitatu, kila kimoja mistari minane ya alama 17, yaani alama 136 kamili. Ujumbe uliokwisha mapema ungeacha nafasi wazi chini ya kipande cha mwisho, na maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba mwandishi alizijaza alama zozote ili mstatili ukamilike.