Dashibodi, Kichujio na Kichagulio: Istilahi za Ukurasa wa Mauzo

Miongoni mwa dhana zilizoingia katika ofisi zetu za biashara pamoja na kompyuta ni ile ya ukurasa mmoja wenye chati kadhaa, unaowaonyesha wakuu wa idara hali ya mauzo katika mkutano wao wa kila juma. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ukurasa huo unavyofanya kazi, na kupendekeza jina la sehemu yake moja ambayo hadi sasa imekuwa ikichanganywa na nyingine. Mchanganyiko huo si wa maneno matupu, kwani unaweza kuufanya mkutano ukate shauri kwa kutegemea tarakimu isiyo yake.

Kuhusu ukurasa wenyewe hatuna sababu ya kutafuta mbali. Madereva na mafundi wetu wamekwisha kulizoea neno dashibodi kwa maana ya ule ubao ulio mbele ya usukani. Asili yake ni ubao uliowekwa mbele ya gari la farasi ili kumkinga mwendeshaji na tope; baadaye, katika motokaa, ukawa mahali pa kuwekea mishale ya mwendo, mafuta na joto. Dereva huitupia jicho akajua hali ya gari bila ya kufungua boneti. Mkuu wa mauzo naye hutaka kujua hali ya biashara bila ya kufungua daftari zote. Kazi ni ile ile, na neno tayari limo vinywani mwa watu. Basi dashibodi na ibaki. Zile tarakimu chache zinazosomwa juu yake, kama vile jumla ya mauzo na asilimia ya faida ghafi, tutaziita viashiria.

Tuchukue mfano wa duka la jumla lenye matawi matatu: Dar es Salaam, Morogoro na Mwanza. Kila mauzo huandikwa katika mstari mmoja wa orodha, pamoja na tarehe, tawi, bidhaa, mauzo na gharama. Kutokana na orodha hiyo, karani hutengeneza majedwali ya muhtasari, ambayo programu ya Excel huyaita `PivotTable`, na kila jedwali huzaa chati yake. Chati ya nguzo huonyesha mauzo ya kila bidhaa, chati ya mstari huonyesha mwendo wa mauzo juma hadi juma, na ya tatu huonyesha asilimia ya faida ghafi.

Ikiwa mkutano unataka kuliangalia tawi moja tu, zipo njia mbili. Ya kwanza ni ya zamani: juu ya jedwali huwekwa kisanduku, na humo huchaguliwa jina la tawi. Hiki ndicho kichujio. Hulitawala jedwali lake peke yake, tena ukichagua matawi mawili hukuandikia `(Multiple Items)` bila ya kuyataja ni yapi. Njia ya pili iliingia katika Excel ya mwaka 2010 kwa jina la `Slicer`. Ni kisanduku kinachokaa juu ya ukurasa kikiwa na vitufe, kila tawi na kitufe chake. Kilichobonyezwa hubadilika rangi, hivyo kila aliye mkutanoni huona ni tawi gani linalozungumzwa. Zaidi ya hayo, kisanduku kimoja kinaweza kuyatawala majedwali mengi kwa mara moja.

Hapa kwenye neno "kinaweza" ndipo penye hatari. Kisanduku kipya huyatawala majedwali mengi pale tu kinapounganishwa nayo. Tuseme karani amekiunganisha na majedwali mawili ya mauzo, akalisahau lile la faida. Juma hilo Dar es Salaam iliuza kwa shilingi milioni 60 na kupata faida ya milioni 9, yaani asilimia 15. Morogoro iliuza kwa milioni 25 na kupata milioni 5, yaani asilimia 20. Mwanza iliuza kwa milioni 15 na kupata laki 9 tu, yaani asilimia 6. Kwa matawi yote pamoja, mauzo ni milioni 100 na faida ni milioni 14.9, ambayo ni asilimia 14.9.

Mwenyekiti anabonyeza Mwanza. Mauzo yanashuka hadi milioni 15, kama inavyopasa. Lakini kiashiria cha faida kinabaki pale pale, asilimia 14.9, kwa sababu jedwali lake halikusikia amri. Wajumbe wanasoma tarakimu mbili zilizokaa jirani na kuamini kwamba zote ni za Mwanza. Tawi linalouza karibu na bei ya kununulia linaonekana kuwa salama, na bei zake haziulizwi. Mashine haitoi onyo lolote, kwani kwa upande wake hakuna kosa.

Kulitambua jambo hili si kazi ngumu. Kabla ya mkutano, karani abonyeze tawi moja na kuangalia ni chati ipi haikusogea. Kisha abonyeze kisanduku kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague `Report Connections`, na atie alama kwa kila jedwali linalohusika. Huenda jedwali lisionekane katika orodha hiyo. Sababu ya kawaida ni kwamba lilitengenezwa mbali na wenzake, kwa hiyo lina akiba yake ya data. Dawa yake ni kulitengeneza upya kwa kunakili mojawapo ya yale yaliyomo. Ikiwa kiashiria fulani kimekusudiwa kubaki cha matawi yote, basi kiandikwe hivyo waziwazi juu yake.

Asilimia yenyewe nayo yataka uangalifu. Ukizijumlisha 15, 20 na 6 na kugawa kwa tatu utapata karibu 13.7, jibu ambalo si sahihi, kwa maana linaipa Mwanza uzito sawa na Dar es Salaam. Kanuni ifuatayo, ikiandikwa ndani ya jedwali la muhtasari kama `Calculated Field`, hujumlisha kwanza na kugawa baadaye, hivyo hutoa 14.9:

```
=(Mauzo-Gharama)/Mauzo
```

Sasa turudi kwenye jina. Wengi hukiita kisanduku hiki kipya kichujio vilevile. Ubaya wake tumekwisha kuuona: anayeambiwa kuwa "kichujio kimewekwa" hawezi kujua kama ni amri ya jedwali moja au ya ukurasa mzima, na hilo ndilo swali la kuuliza. Wengine wamefikiria kikatio, kwa kufuata maana ya neno la kigeni. Lakini katika uhasibu kukata ni kupunguza, nasi tunayo makato ya mshahara. Msikiaji anaweza kudhani kwamba mauzo yamepunguzwa, ilhali hakuna kilichoondolewa katika orodha.

Tunapendekeza kichagulio. Kitenzi chagua kikitiwa kiambishi cha kutendea huwa chagulia, nacho huzaa jina la kifaa kwa njia ile ile ambayo chuja imezaa kichujio. Maneno haya mawili yanakuwa ndugu bila ya kuwa kitu kimoja: kichujio ni cha jedwali lake, kichagulio ni cha majedwali yote yaliyounganishwa nacho. Kwa tofauti hiyo mjumbe wa mkutano ataweza kuuliza kwa Kiswahili kilicho wazi: "Je, chati hii imo katika kichagulio?" Tunawaomba wasomaji wetu walio katika biashara na uhasibu walijaribu neno hili kazini mwao, na kutuletea maoni yao.