Utata wa "La Sivyo": Jinsi Sarufi Inavyoandikwa Upya

Mwanaisimu akitaja utata, aghalabu humkumbuka mtu aliyempigia mwenzake mpira: je, kwa niaba yake au kwa kumlenga? Utata huo umo katika kiambishi. Upo mwingine ambao kila neno lina maana moja tu, ila muundo ndio unaogawanyika.

Chukua mfano wa dereva anayepanda Upper Hill, jijini Nairobi, akiwa na agizo hili mkononi: "Ikiwa mvua inanyesha, ikiwa kuna mgonjwa pitia Barabara ya Hospitali, la sivyo pitia Barabara ya Ragati." Mvua inanyesha na hana mgonjwa. Afanyeje? Ikiwa "la sivyo" inafungamana na sharti la pili, atapitia Ragati. Ikiwa inafungamana na sharti la kwanza, agizo halimwambii lolote. Siku ya jua akiwa na mgonjwa, mambo hugeuka: usomaji wa kwanza unanyamaza, wa pili unampeleka Ragati. Msemaji angetua kwa sauti na utata ukaisha. Maandishi hayana sauti.

Waundaji wa lugha za kompyuta walikumbana na tatizo lilo hilo tangu enzi za Algol 60, nalo huonyeshwa kwa sarufi yenye umbo hili (S ni sentensi, M ni sharti, A ni amri):

```
S -> ikiwa M S
S -> ikiwa M S la sivyo S
S -> A
```

Agizo la dereva lina michoro matawi miwili chini ya kanuni hizi. Hiyo ndiyo fasili ya sarufi tata: tungo moja, miti miwili.

Tiba ni kuzigawa sentensi mafungu mawili. K ni kamili, ambayo kila "ikiwa" yake ina "la sivyo" yake. P ni pungufu.

```
S -> K | P
K -> ikiwa M K la sivyo K | A
P -> ikiwa M S | ikiwa M K la sivyo P
```

Siri imo katika K iliyowekwa kati ya "ikiwa" na "la sivyo". Ili "la sivyo" iende kwa sharti la kwanza, maneno "ikiwa kuna mgonjwa pitia Barabara ya Hospitali" yangepaswa kuwa K, nayo ni pungufu. Mti wa pili umeanguka. "La sivyo" hufungamana na "ikiwa" iliyo karibu. Tungo zilizokubalika zamani zingali zinakubalika zote.

Hata hivyo, sarufi mpya haijui nia ya mwandishi. Aliyekusudia maana ya pili hana budi kupanga upya: "Ikiwa mvua hainyeshi pitia Ragati, ikiwa inanyesha na kuna mgonjwa, pitia Barabara ya Hospitali." Tena, imethibitishwa tangu miaka ya 1960 kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuipima kila sarufi huru ya muktadha na kubaini kama ni tata. Kila moja huchunguzwa kivyake.