Bando Linayeyuka Wapi?

Hapa Mpanda nina marafiki wanaonunua bando la GB 1 asubuhi, mchana wanalia limeibwa. Haya, tupige hesabu.

Muziki wa ubora wa kawaida huja kwa kilobiti 96 kila sekunde. Gawa kwa 8, unapata kilobaiti 12. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa nzima: kama MB 43 tu.

Ramani ndiyo kabisa haina makuu. Ukienda Sumbawanga, simu inajua ulipo kwa setelaiti, bure. Bando linalipia kuleta ramani yenyewe, MB chache kwa saa. Ukiipakua kabla ya safari, karibu hamna.

Mlaji ni simu ya video. Picha zinakwenda na kurudi, hivyo mpigaji na mpokeaji wote wanakatwa. Kiasi hubadilika na mtandao, kwa hiyo pima mwenyewe: WhatsApp, Settings, Storage and data, Network usage. Soma namba, ongea dakika 10, soma tena. Zimeongezeka MB 50? Zidisha kwa 6: MB 300 kwa saa. GB yako inakwisha kwa saa tatu na ushee!

Mimi na mchumba wangu tunasalimiana kwa sura, kisha tunazima kamera. Mapenzi yanabaki, bando linabaki.