Barua ya Ukurasa Mmoja Inapogeuka Kurasa Mbili

Barua iliyoandikwa kwa Word nyumbani, ikaenea vizuri kwenye ukurasa mmoja na nafasi ya sahihi ikabaki chini kabisa, inaweza kufunguliwa kwenye kompyuta ya steshenari ikakutwa na kurasa mbili. Wa pili una mistari michache tu na ile nafasi ya sahihi. Hakuna neno lililoongezwa wala lililofutwa. Mara nyingi kilichobadilika ni fonti, yaani umbo la herufi zinazotumika kuonyesha maneno yale yale.

Faili la .docx halibebi picha ya ukurasa. Ndani yake mna maneno, ukubwa wa herufi, upana wa pembizo na jina la fonti. Mahali pa kukata mstari hapakuandikwa. Kila faili linapofunguliwa, programu huyapanga maneno upya: hujumlisha upana wa herufi moja baada ya nyingine mpaka mstari ujae, kisha hushuka mstari wa pili. Vipimo vya upana huo vimo ndani ya fonti, na fonti ni faili jingine, lililowekwa kwenye kompyuta na wala si kwenye barua. Isipopatikana, programu haigomi. Huchukua fonti nyingine inayoiona inafaa na kuendelea na kazi, na ndiyo maana mwenye barua hushtukia karatasi ikiwa imeshatoka kwenye printa.

Tofauti ya vipimo ni ndogo kwa jicho, lakini hujumlika haraka. Ukubwa wa fonti ukigawanywa sehemu 1,000, herufi «a» katika Times New Roman huchukua sehemu 444, na katika Arial huchukua 556. Herufi «i» huenda kinyume: 278 kwa Times, 222 kwa Arial. Kwa kuwa Kiswahili kimejaa «a», pengo hili hujitokeza wazi katika maandishi yake. Neno «wananchi» likijumlishwa herufi zote nane hufikia 3,832 kwa Times na 4,224 kwa Arial. Kwa ukubwa wa 12 hizo ni takriban pointi 46 na pointi 50.7, na pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi.

Karatasi ya A4 yenye pembizo la inchi moja kila upande hubakiwa na mstari wa pointi 451 hivi. Mstari huo ukijazwa neno «wananchi» pekee, pamoja na nafasi kati ya maneno, Times hutosha maneno tisa. Arial hutosha manane, kwani la tisa lingefikisha pointi 483. Urefu wa mstari kwenda chini ni uleule kwa fonti zote mbili, pointi 13.8, hivyo ukurasa wenye pembizo la inchi moja juu na chini huingiza mistari 50. Maneno 450 kwa Times ni mistari 50 kamili, ukurasa mmoja. Maneno hayo hayo kwa Arial ni mistari 57, na saba lazima ivuke. Barua halisi ina maneno ya urefu mchanganyiko, lakini hesabu yake hufuata njia hiyo hiyo, na jedwali lenye safu nyembamba huumia zaidi kwa sababu neno moja likishuka, kisanduku kizima hurefuka.

Waundaji wa fonti walilijua tatizo hili zamani, na dawa yao ilikuwa kutengeneza fonti zenye sura tofauti ila vipimo sawa. Fonti za Liberation, zilizotolewa mwaka 2007, zina upana sawa herufi kwa herufi na Arial, Times New Roman na Courier New. Carlito imefanyiwa hivyo kwa ajili ya Calibri, fonti iliyokuwa ya kawaida katika Word kuanzia toleo la 2007. Kwa hiyo kompyuta ya Linux yenye Carlito hufungua barua ya Calibri na mistari ikakatika palepale. Kujua kibadala kitakachochukuliwa kwenye Linux ni amri moja:

```
fc-match "Calibri"
```

Jibu likitaja Carlito, mpangilio una nafasi nzuri ya kubaki ulivyo. Likitaja jina lingine, mistari itahama.

Katika Word kuna mtego hapa. Kisanduku cha jina la fonti huendelea kuandika jina la fonti iliyokusudiwa hata kama haipo, kwa hiyo kukitazama hakuthibitishi kitu. Ukweli hupatikana kwenye File, Options, Advanced, kisha kitufe cha Font Substitution, ambapo fonti inayokosekana huorodheshwa pamoja na iliyoshika nafasi yake. LibreOffice ni wazi zaidi: jina la fonti isiyokuwepo huandikwa kwa herufi za mlalo. Dalili nyingine ni alama za vema zilizowekwa kwa fonti ya Wingdings. Fonti hiyo ikikosekana, fomu iliyokuwa na vema hujaa herufi «ü» au visanduku vitupu, na hapo anayesoma hawezi hata kujua ni jibu gani lilichaguliwa.

Njia ya kuikwepa hali hii ni kupachika fonti, yaani kuiweka ndani ya faili ili isafiri na barua. Katika Word hufanywa kwenye File, Options, Save, kwa kutia alama kwenye Embed fonts in the file. Chini yake mna chaguo mbili zinazohitaji kuangaliwa. Ya kwanza hupachika zile herufi zilizotumika tu, ili faili lisivimbe. Inafaa kwa barua iliyokamilika, si kwa ile itakayohaririwa na mwingine. Mfano wake ni rahisi kuuona kwa Kiswahili, ambacho hakitumii «x»: barua ya Kiswahili iliyopachikwa hivyo haitakuwa na herufi hiyo, na mhariri akitaka kuongeza jina Alex, «x» haimo katika fonti iliyokuja na faili. Ya pili huziacha nje fonti za kawaida za mfumo, kwa dhana kwamba kila mtu anazo. Barua ikienda kwenye simu au kompyuta ya Linux, dhana hiyo huvunjika.

Isitoshe, si kila fonti hukubali kupachikwa. Ndani ya faili la fonti mna alama ya leseni inayoieleza programu kinachoruhusiwa: kuna zinazokataa kabisa, zinazoruhusu kusoma na kuchapa tu, na zinazoruhusu kuhariri. Word huitii alama hiyo, kwa hiyo fonti ya kulipia inaweza kuachwa nje hata baada ya chaguo kuwekwa.

Kwa barua inayokwenda kuchapwa tu, PDF ni salama zaidi, kwa kuwa yenyewe hurekodi mahali pa kila herufi na mistari haipangwi upya. Hata hivyo, PDF isiyopachikwa fonti nayo hupewa kibadala, na herufi huweza kubanana au kuachana zikiwa palepale mstarini. Kwenye Adobe Reader, File, Properties, kisha Fonts huonyesha kila fonti iliyotumika, na kila moja inapaswa kufuatwa na maneno Embedded au Embedded Subset. Isiyo na maneno hayo itategemea kilichomo kwenye kompyuta itakayofungua faili.