Karanga Ndani ya Bomu

Jaribio la kuchoma karanga chini ya kopo la maji linajulikana na wengi waliosoma sayansi sekondari. Karanga inachomekwa kwenye sindano, inawashwa, inawekwa chini ya kopo lenye maji, kisha halijoto ya maji inasomwa kabla na baada. Tuseme karanga ina uzito wa gramu 0.6 na kopo lina gramu 100 za maji, na halijoto ikapanda kwa nyuzi 15. Kila gramu ya maji huhitaji juli 4.184 ili ipande nyuzi moja, kwa hiyo maji yamepokea kilojuli 6.28 hivi. Ukigawa kwa 0.6 unapata kilojuli 10.5 kwa kila gramu ya karanga.

Hesabu ni sahihi, ila jibu halifai kitu. Karanga ina nishati karibu mara tatu ya hiyo. Iliyobaki imekwenda na upepo, imepasha kopo lenyewe, imetoka na moshi, na nyingine haikuwahi kutolewa kabisa kwa sababu kile kipande cheusi kilichobaki kwenye sindano bado kingeweza kuungua.

Mfaransa Marcellin Berthelot alilitafutia dawa tatizo hili jijini Paris katika miaka ya 1880. Alikifungia kitu kinachoungua ndani ya chombo kizito cha chuma, akakijaza oksijeni kwa shinikizo kubwa, kisha akakizamisha chombo chote ndani ya maji. Chombo hicho ndicho kikaitwa bomu, na mtambo mzima ni kalorimita ya bomu. Hakilipuki, maana kuta zake zimetengenezwa zihimili shinikizo hilo. Moto unawaka ndani kwa muda mfupi sana, moshi hauna pa kutokea, na joto lote halina njia ila kupita kwenye chuma na kuingia kwenye maji.

Mtambo wa kawaida wa siku hizi una sehemu chache. Kuna bomu la chuma kisichoshika kutu, na ndani yake kibakuli kidogo cha kuwekea sampuli. Juu ya sampuli hupita waya mwembamba wa kuwashia. Bomu hujazwa oksijeni hadi kama angahewa 30, likazamishwa kwenye ndoo yenye gramu 2,000 za maji. Kikoroga huzunguka bila kusimama ili maji yasiwe na joto huku na baridi kule, na kipimajoto husoma mabadiliko madogo kuliko sehemu ya mia ya nyuzi moja. Ndoo hiyo nayo imekaa ndani ya koti linalozuia joto lisitoroke.

Sasa linakuja swali ambalo ndilo kiini cha kazi yote. Joto la karanga halipashi maji peke yake. Linapasha pia chuma cha bomu, ndoo, kikoroga na kipimajoto. Utajuaje kila kimoja kimechukua kiasi gani? Ungeweza kupima uzito wa kila kipande, ukatafuta metali yake, ukajumlisha. Wataalamu hawajisumbui hivyo. Wanachoma kwanza kitu ambacho nishati yake inajulikana tayari, halafu wanauacha mtambo wenyewe useme.

Kitu hicho ni asidi benzoiki, unga mweupe unaosafishwa kwa urahisi na usionyonya unyevu wa hewani. Gramu moja ikiungua ndani ya bomu hutoa kilojuli 26.43. Mtaalamu anaugandamiza unga kuwa kidonge, anakipima kwa mizani nyeti na kupata, kwa mfano, gramu 0.980. Anakichoma, na halijoto inapanda kwa nyuzi 2.60. Kidonge kimetoa 0.980 × 26.43, yaani kilojuli 25.90. Waya wa kuwashia nao umeungua, ukaongeza kama kilojuli 0.10. Jumla ni kilojuli 26.00, na ukizigawa kwa 2.60 unapata kilojuli 10.0 kwa kila nyuzi.

Hiyo 10.0 ndiyo uwezo wa joto wa kalorimita. Maana yake ni kwamba kuupandisha mtambo mzima, maji na chuma kwa pamoja, kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 10.0. Tunaweza hata kuona umegawanyika vipi: gramu 2,000 za maji huchukua kilojuli 8.37, na 1.63 iliyobaki ni ya vyuma. Lakini mgawanyo huo hatuuhitaji tena. Tukishaipata namba moja, kazi iliyobaki ni kuzidisha.

Turudi kwa karanga. Tunachukua karanga iliyosagwa, gramu 0.600, tunaiweka kibakulini na kurudia hatua zile zile kwa maji yale yale gramu 2,000. Kabla ya kuwasha, kipimajoto kinasoma 24.18. Baada ya kuwasha kinapanda, kinapunguza mwendo, kisha kinatulia kwenye 25.87. Tofauti ni nyuzi 1.69.

q = C × ΔT = 10.0 × 1.69 = 16.9 kJ

Hilo ni joto lote lililoingia kwenye mtambo. Tukitoa 0.10 ya waya, karanga imetoa kilojuli 16.8. Tukigawa kwa gramu 0.600 tunapata kilojuli 28.0 kwa gramu. Ilinganishe na 10.5 ya kopo: karibu theluthi mbili ya nishati ilikuwa imepotea mbele ya macho yetu.

Mtihani unapoleta swali la aina hii, hesabu yenyewe huwa nyepesi na mtego huwa katika maneno. Swali likisema "uwezo wa joto wa kalorimita pamoja na maji yake", usiyaongeze maji tena, maana yamo. Likisema kalorimita tupu ina kilojuli 1.63 kwa nyuzi na ndani yake kuna gramu 2,000 za maji, hapo lazima ujumlishe vyote viwili kabla ya kuzidisha. Wanafunzi wengi huhesabu maji mara mbili, jibu likavimba na kufika kilojuli 50 kwa gramu. Ukiona chakula chochote kimepata namba hiyo, rudi nyuma, kwa sababu hata mafuta ya kula matupu hutoa kama kilojuli 39 tu. Wengine huchukua uzito wa karanga na kuuzidisha kwa 4.184, kana kwamba karanga ndiyo iliyopashwa joto. Karanga ndiyo iliyotoa. Kilichopokea ni mtambo. Uzito wake unaingia mwishoni kabisa, pale tunapogawa.

Maabara nako kuna mitego yake. Uwezo wa joto ulioupata ni wa mtambo ule, wenye maji yale. Fundi akikosea akamimina gramu 20 za ziada, kila nyuzi moja sasa inahitaji juli 84 zaidi, na majibu yote ya siku hiyo yatakuwa chini kwa karibu asilimia 0.8. Hakuna kengele itakayolia. Kosa hilo hugunduliwa tu kwa kuchoma tena asidi benzoiki na kuona kwamba haitoi 26.43 yake. Ndiyo maana maabara makini huirudia mara kwa mara, hata pale ambapo mtambo unaonekana mzima.

Kosa jingine huonekana kwa macho. Bomu likifunguliwa, kibakuli kinatakiwa kiwe safi, au kiwe na majivu meupe kidogo. Ukikuta masizi meusi, sampuli haikuungua yote, na jibu hilo linatupwa hata kama linapendeza. Mara nyingi chanzo ni oksijeni kidogo, au sampuli kubwa mno, au oksijeni iliyoingizwa kwa pupa ikaupeperusha unga nje ya kibakuli. Hili la mwisho ndilo sababu ya kuugandamiza unga kuwa kidonge.

Halafu kuna kupanda kwa nyuzi kwenyewe. Koti linazuia joto ila si kikamilifu, na kikoroga chenyewe huongeza joto kidogo kwa kusugua maji. Kwa hiyo mpimaji hasomi namba mbili tu. Anaandika halijoto kila dakika kwa dakika kadhaa kabla ya kuwasha, na tena baada ya kutulia, ili aone maji yalikuwa yakipanda au kushuka kwa mwendo gani yenyewe. Mwendo huo anautoa kwenye tofauti yake. Hapa kosa la sehemu mbili za mia za nyuzi si dogo: kwenye karanga yetu lingebadilisha jibu kwa zaidi ya asilimia moja.

Tuchukulie yote yamekwenda vizuri na 28.0 yetu ni ya kweli. Kilokalori moja ni kilojuli 4.184, kwa hiyo gramu 100 za karanga zimetoa kilokalori 669. Lakini pakiti ya karanga dukani huandikwa karibu 570. Hakuna aliyekudanganya. Bomu huchoma protini mpaka mwisho, lakini mwili hauifikishi huko. Nitrojeni yake hutoka kwenye mkojo kama urea, ambayo bado ina nishati ndani yake. Bomu huchoma nyuzinyuzi pia, nazo tumboni hupita bila kutumika sehemu kubwa. Mwamerika Wilbur Atwater alilishughulikia jambo hili mwishoni mwa karne ya 19 katika jimbo la Connecticut. Alichoma vyakula kwenye bomu, kisha akapima nishati inayotoka mwilini bila kutumika na kuipunguza. Kutoka kazi yake zilitoka namba zinazotumika hadi leo kwenye lebo: kilokalori 4 kwa gramu ya wanga, 4 kwa protini na 9 kwa mafuta.

Kwenye nishati ya jikoni upungufu unatoka kwingine. Ndani ya bomu, mvuke unaotokana na kuungua hupoa na kuwa maji, na katika kupoa huko hurudisha joto lake. Kwenye jiko mvuke huo hupanda na moshi na kutokomea. Kisha kuna unyevu. Mkaa mzuri uliokaushwa kabisa unaweza kutoa kilojuli 29 kwa gramu katika bomu. Mkaa huo huo ukiwa na unyevu wa asilimia 10, kila gramu unayonunua ina gramu 0.9 tu ya mkaa, na bomu litatoa kama 26. Kwa hiyo anayekuuzia mkaa au vitofali vya vumbi la mkaa kwa kutaja kilojuli, muulize jambo moja kabla ya kutoa pesa: sampuli ilipimwa ikiwa kavu, au ilipimwa kama ilivyo kwenye gunia?